Lengo Kwanza au Nyenzo Kwanza: Jinsi Fursa ya Biashara Inavyopatikana

Fursa ya biashara ni hali inayomwezesha mtu kuuza kitu kwa bei inayozidi gharama ya kukipata, wakati wengine bado hawajaishtukia. Swali ambalo wanauchumi wamelibishania kwa miaka mingi ni kama hali hiyo ipo tayari sokoni ikimsubiri mwenye macho, au haipo kabisa mpaka watu fulani waitengeneze. Ubishi huu haukomei kwenye vitabu. Jibu analolishika mjasiriamali, hata kama hajawahi kulitamka, ndilo linaloamua siku ya kwanza ataanza na nini: utafiti wa soko na ombi la mkopo, au vitu alivyonavyo na watu anaowajua.

Upande unaosema fursa ipo tayari ulipata msemaji wake mkubwa mwaka 1973, Israel Kirzner alipochapisha kitabu chake kuhusu ushindani na ujasiriamali. Kwa Kirzner, mjasiriamali ni mtu aliye macho. Soko limejaa makosa madogo ya bei kwa sababu hakuna anayejua kila kitu, na anayeliona kosa kabla ya wenzake hula faida. Mfanyabiashara anayepata habari kwamba viazi vimeshuka bei Njombe wakati Dar es Salaam vimepanda hajabuni chochote. Ameona tofauti, akakodi lori. Fursa ilikuwepo hata kama angelala siku hiyo.

Mwaka 2000 Scott Shane alionyesha kwamba hata kuona huko kunategemea aliyeona ametoka wapi. Alichunguza uvumbuzi mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, mashine inayojenga vitu kwa kutandaza unga tabaka juu ya tabaka na kuugandisha. Alifuatilia makundi manane yaliyotaka kuugeuza uvumbuzi huo kuwa biashara. Teknolojia ilikuwa ileile, lakini fursa zilizoonekana zilikuwa tofauti. Aliyetoka kwenye mambo ya dawa aliona vidonge vya namna mpya, aliyejua vichujio vya kauri akaona vichujio, na aliyezoea kazi ya kusubu vyuma akaona kalibu za kumiminia chuma. Kila mmoja aliona kile ambacho maisha yake ya awali yalikuwa yamemwandaa kukiona.

Matokeo ya Shane yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Inawezekana kwamba fursa zote hizo zilikuwepo, na kila mtu alikuwa na macho ya kuona moja tu. Inawezekana pia kwamba hapakuwa na fursa yoyote iliyokamilika ndani ya mashine ile, na kwamba ujuzi wa kila mmoja ulikuwa sehemu ya fursa yenyewe. Usomaji huu wa pili ndio uliopewa nguvu na kazi ya Saras Sarasvathy, msomi mwenye asili ya India ambaye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mmoja wa walimu wake alikuwa Herbert Simon, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi ya mwaka 1978, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi mabingwa wa fani mbalimbali wanavyofikiri.

Sarasvathy aliuliza swali la aina ambayo Simon alikuwa akiwauliza wachezaji wa sataranji: bingwa wa kuanzisha kampuni hufikiri vipi anapowekewa tatizo mbele yake? Hakutaka kuwauliza kuhusu mafanikio yao ya zamani, kwa sababu mtu akisimulia ushindi wake huupanga upya, na mambo yaliyotokea kwa bahati hugeuka kuwa mpango. Aliwatafuta waanzilishi 27 wa kampuni za Marekani, watu waliokuwa kazini miaka 10 au zaidi na ambao angalau kampuni yao moja ilikuwa imefika kwenye soko la hisa. Akampa kila mmoja tatizo lilelile: bidhaa ya kubuni, mchezo wa kompyuta unaofundisha ujasiriamali, pamoja na takwimu za soko na maswali ya kuamua. Kisha akawaomba wafikiri kwa sauti huku kinasa sauti kikiendelea kurekodi.

Kitu kilichojitokeza kwenye kanda hizo hakikufanana na kinachofundishwa katika madarasa ya biashara. Wengi wao hawakuziamini takwimu za soko walizopewa. Badala ya kuuliza soko lina ukubwa gani, waliuliza ni nani wanayeweza kumpigia simu kesho. Mmoja angefikiria rafiki aliye mwalimu, mwingine mteja wa zamani, na bidhaa ikabadilika kufuata mtu aliyefikiriwa. Mwisho wake, bidhaa ile moja ilielekezwa katika sekta 18 zisizofanana. Baadaye Sarasvathy na wenzake waliwapa tatizo hilohilo wanafunzi 37 wa shahada ya uzamili ya biashara. Hao kwa jumla walizichukua takwimu kama zilivyo, wakapiga hesabu za soko, wakachagua kundi la wateja na kupanga bei, kama walivyofundishwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa mgawanyo wa mantiki mbili, uliotangazwa katika makala ya mwaka 2001 na kufafanuliwa katika kitabu cha mwaka 2008. Ya kwanza inaweza kuitwa mantiki ya lengo. Mtu anaanza na matokeo anayoyataka, kisha anatafuta njia bora ya kuyafikia. Ya pili, ambayo wasomi huiita efektuesheni, ni mantiki ya nyenzo. Mtu anaanza na vitu vilivyo mkononi mwake, yaani yeye ni nani, anajua nini na anamjua nani, kisha anauliza ni matokeo gani yanaweza kutoka humo. Katika mantiki ya kwanza lengo limesimama na njia ndizo zinazotafutwa. Katika ya pili nyenzo ndizo zilizosimama, na lengo linabadilika kadiri watu wanavyojiunga na safari.

Makala ile ya 2001 ilitumia mfano wa mgahawa wa chakula cha Kihindi. Mfano huo unahama kwa urahisi, na hesabu zake huonekana vizuri zaidi ukipewa bei za mahali panapojulikana. Chukulia mpishi wa kubuni huko Dodoma anayetaka kuuza chakula cha mchana kwa watumishi wa ofisi. Sahani moja ataiuza kwa shilingi 3,000. Mchele, maharage, nyama, mkaa na nauli vinamgharimu shilingi 1,900 kwa sahani, kwa hiyo kila sahani inayonunuliwa inamwachia shilingi 1,100.

Akifuata mantiki ya lengo, anaanza kwa kuuchora mgahawa kichwani. Anahesabu ofisi zilizo karibu, anakadiria watu wanaokula nje, anaangalia bei za washindani, kisha anaandika mchanganuo wa kupeleka benki. Anakopa shilingi milioni 5 ili kununua jokofu, meza na vyombo, na rejesho lake ni shilingi 500,000 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Kodi ya fremu ni 300,000, wasaidizi wawili 300,000, na umeme, maji na tozo ni 100,000. Jumla ni shilingi 1,200,000 kila mwezi, auze asiuze. Ukigawanya kwa faida ya 1,100 kwa sahani unapata sahani 1,091, ambazo kwa siku 26 za kazi ni kama sahani 42 kwa siku. Chini ya hapo anakula mtaji, na juu ya hapo anapata faida.

Hesabu hiyo haina kosa lolote. Udhaifu wake uko mahali pamoja tu: namba 42 inamwambia ni sahani ngapi lazima auze, lakini haimwambii kama watu watazinunua. Hilo amelikisia. Akiwauliza watumishi 100 kama wangependa chakula kizuri cha shilingi 3,000 karibu na ofisi, wengi watasema ndiyo, kwa sababu kusema ndiyo hakuwagharimu kitu. Uzito wote wa mkopo wa milioni 5 umeegemea majibu ya bure.

Akifuata mantiki ya nyenzo, hesabu inaanzia upande mwingine. Hajiulizi anaweza kupata faida kiasi gani, anajiuliza anaweza kupoteza kiasi gani na nyumba ikaendelea kusimama. Sarasvathy alikiita kiasi hicho hasara inayohimilika, na ndicho kipande cha nadharia yake chenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu mwenye mtaji mdogo. Tuseme mpishi huyu ana akiba ya shilingi 1,200,000, lakini 900,000 ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Hasara anayoihimili ni shilingi 300,000. Ana sufuria, ana jiko, anajua kupika pilau ambayo majirani huisifu, na ana shemeji yake anayefanya kazi katika ofisi yenye watu wengi. Anapika sahani 20 zinazomgharimu shilingi 38,000 na kuzipeleka kwa shemeji.

Kila siku ambayo hakuna anayenunua kabisa, amepoteza shilingi 38,000. Kwa kiasi alichokitenga anaweza kuvumilia siku 7 za namna hiyo. Ikiwa nusu ya sahani zinauzwa, anapoteza shilingi 8,000 kwa siku, na fedha zilezile zinamtosha kwa siku 37. Tofauti na makadirio ya mauzo, namba hizi hazihitaji kubashiri chochote, kwa sababu zote zinatoka kwenye mfuko wake mwenyewe. Wala hasara haipimwi kwa fedha peke yake. Muda wake wa asubuhi, jina lake kwa majirani na uhusiano wake na shemeji navyo vinawekwa rehani, na mtu makini huviwekea kikomo kama anavyowekea shilingi.

Jambo la pili linatokea ofisini. Mkuu wa idara anaonja, kisha anauliza kama mpishi anaweza kuleta vitafunio kwa mkutano wa watu 60 Ijumaa ijayo, naye yuko tayari kutoa nusu ya malipo mapema. Mantiki ya lengo ingeliona ombi hili kama kitu cha kuipotosha njia, maana mpango ulikuwa mgahawa. Mantiki ya nyenzo inaliona kama fursa inayoanza kupata sura. Mkuu yule hakutoa maoni kuhusu biashara, bali ameingia ndani yake, na fedha yake ya awali imeongeza nyenzo zilizopo. Miezi sita baadaye mpishi huyu anaweza kuwa na biashara ya kuhudumia mikutano, au ya kupikia shule, au mgahawa uleule wa mwanzo. Asingeweza kujua ni ipi kabla ya kukutana na watu hao, kwa sababu watu hao ndio walioifanya iwe.

Hapa ndipo mstari unaotenganisha mazungumzo na ahadi unapokuwa muhimu, na wengi huukosea. Kusifiwa si ahadi. Ahadi ni pale mtu anapotoa kitu ambacho kikipotea kitamuuma: malipo ya awali, chumba cha kupikia, jina lake kama mdhamini, saa zake za jioni. Mjasiriamali anayezunguka mji mzima akikusanya pongezi anaweza kudhani anafuata mantiki ya nyenzo, kumbe anafanya utafiti wa soko ulio dhaifu kuliko ule wa dodoso. Kipimo ni rahisi: baada ya kila mazungumzo, je, nyenzo zimeongezeka? Kama hazijaongezeka baada ya mazungumzo mengi, bidhaa au watu wanaofuatwa hawafai, na kiasi cha hasara kilichowekwa mwanzoni ndicho kinachopaswa kumsimamisha.

Sababu ya kina ya mantiki hii kufanya kazi ilielezwa na mwanauchumi Frank Knight mwaka 1921, muda mrefu kabla ya Sarasvathy. Knight alitenganisha hatari na mashaka. Hatari ni jambo ambalo uwezekano wake unaweza kuhesabiwa kutokana na matukio mengi yaliyopita, kama kampuni ya bima inavyojua kwa makadirio ni magari mangapi yatagongwa mwakani. Mashaka ni pale ambapo hakuna matukio ya zamani ya kuhesabu kwa sababu jambo lenyewe halijawahi kuwepo. Penye hatari, utabiri hulipa, na mantiki ya lengo ndiyo ya kushika. Penye mashaka, takwimu zinazoletwa mezani ni za soko jingine, na usahihi wake unadanganya. Ndiyo maana mwenye kiwanda cha saruji anayetaka kujenga cha pili hana haja ya kuanza na sufuria moja, ilhali anayeuza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukinunua hana takwimu zozote za kumwongoza.

Kisa kinachoonyesha mantiki zote mbili zikipokezana kijiti kilitokea Kenya, nacho ni M-Pesa. Kinasimuliwa mara nyingi kana kwamba mtu fulani aliona wazi kwamba Wakenya walihitaji kutuma fedha kwa simu, akajenga mtambo, akafanikiwa. Mambo hayakwenda hivyo. Mradi ulianza na lengo lililo wazi kabisa, na lengo hilo halikuwa kutuma fedha nyumbani.

Nick Hughes, mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Vodafone huko Uingereza, alitaka kuona jinsi simu zingeweza kuwasaidia watu wasiofikiwa na benki. Ndani ya kampuni, wazo lake lingeshindana na miradi yenye matumaini ya faida kubwa na ya haraka zaidi, na kwa vipimo vya kawaida vya faida tarajiwa lisingepata nafasi. Njia ilifunguliwa na mfuko wa ushindani wa serikali ya Uingereza, uliokuwa chini ya idara yake ya maendeleo ya kimataifa. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni 1 kwa sharti kwamba Vodafone nayo iweke mchango unaolingana, sehemu yake ikiwa muda wa wafanyakazi. Kwa lugha ya nadharia, hasara ya kampuni ilishushwa mpaka ikahimilika, na mshirika wa kwanza aliyetoa ahadi aliathiri mwelekeo, maana fedha zake zilikuwa za kupanua huduma za kifedha kwa watu wa kipato cha chini.

Washirika wengine waliingia mmoja baada ya mwingine: Safaricom yenye mtandao wa simu Kenya, Benki ya Commercial Bank of Africa ya kutunza fedha za wateja, na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Faulu ilikuwa na vikundi vya wakopaji, na kila kikundi kilikutana mara kwa mara kukusanya marejesho. Lengo la majaribio likawa kuwawezesha wakopaji hao kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone, alihamia Nairobi kusimamia kazi. Oktoba 2005 majaribio yalianza Nairobi na Thika, yakiwa na mawakala wachache na wateja wasiofika 500. Ukubwa huo wenyewe ni somo, kwa sababu kosa la mtambo katika kundi la watu 500 hurekebishwa kwa kukutana nao.

Wateja walifundishwa kulipa mikopo. Wakajifunza, lakini wakaanza kufanya mambo mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa fedha iliyo kwenye simu na kuwatumia jamaa zao mashambani, ambao waliuchukua kama fedha. Wenye biashara walilipana wao kwa wao. Waliosafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa mji wa pili saa chache baadaye, ili wasipite njiani na noti mfukoni. Wapo waliozigeuza simu zao kuwa kasiki ya usiku, kwa kuwa benki zilifungwa mapema na duka la wakala lilikuwa bado wazi. Mwingine alimlipia mwenzake rejesho la mkopo, na mwenzake akamrudishia kwa kumfanyia kazi.

Upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu. Hesabu zake zilifanywa kwa mikono, na kuzioanisha na rekodi za simu kulikuwa mzigo mpya juu ya mzigo wa zamani. Tena mikopo ya vikundi husimama kwa sababu wanachama huonana uso kwa uso na kuwajibishana. Anayelipa kwa simu hana sababu ya kuja mkutanoni, na mkutano usipokutana dhamana yenyewe inalegea. Kwa kipimo cha lengo la awali, majaribio yalikuwa na kasoro nzito, na msimamizi mwenye mantiki ya lengo peke yake angeweza kuandika ripoti ya kurekebisha mfumo wa marejesho au kuufunga mradi.

Timu ilifanya jambo jingine. Iliyachukua matumizi yasiyotarajiwa kuwa habari muhimu kuliko mpango, ikaona kwamba karibu yote yana kiini kimoja, yaani kuhamisha fedha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine aliye mbali. Mikopo midogo ikawekwa pembeni. Huduma ilipozinduliwa kwa nchi nzima Machi 2007, ujumbe wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kuisha, wateja walikuwa wamezidi milioni 1.

Je, fursa hii iligunduliwa au ilitengenezwa? Anayemfuata Kirzner anaweza kusema kwamba ilikuwepo muda wote. Wakenya waliokuwa wakifanya kazi mijini walikuwa wakituma fedha vijijini kwa madereva wa matatu, kwa mabasi na kwa ndugu wanaosafiri, wakilipa gharama na wakati mwingine kuibiwa. Haja ilikuwa wazi. Lakini haja si fursa. Fursa ilihitaji mtandao wa mawakala, benki ya kutunza fedha, Benki Kuu ya Kenya iliyokubali huduma ianze, na wateja walioonyesha kwa vitendo kile wangekilipia. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na picha nzima mwaka 2005. Kwa kisa hiki, maelezo ya Sarasvathy yanaeleza zaidi kuliko ya Kirzner, ingawa bila macho ya watu walioona wateja wanafanya nini, ushahidi ule ungepita bila kusomwa.

Sehemu ambayo wapenzi wa mantiki ya nyenzo huisahau ni yale yaliyofuata baada ya Machi 2007. Tangu hapo kazi ilikuwa ya lengo tupu. Lengo lilijulikana, huduma ilijulikana, na maswali yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabika: mawakala wangapi kwa idadi gani ya wateja, wakala awe na fedha taslimu kiasi gani ili mteja asigeuke mikono mitupu, kamisheni iwe kiasi gani ili mwenye duka aone inamlipa, mtambo ubebe miamala mingapi kwa dakika. Wakala aliyeishiwa noti siku ya kulipia ada za shule hawezi kusaidiwa na ubunifu wa wateja, anahitaji makadirio na gari la kuleta fedha. Mashaka yalikuwa yamegeuka kuwa hatari, na mantiki ikabadilika nayo.

Mwaka uliofuata huduma hiyohiyo ilivuka mpaka. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, ikiwa na mtambo uliokwisha kujaribiwa na mfano wa Kenya wa kuiga. Kwa mtazamo wa mantiki ya lengo, sehemu ngumu ilikuwa imekwisha. Hata hivyo wateja waliongezeka kwa mwendo wa polepole zaidi katika miaka ya mwanzo. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya wateja wa simu Kenya, wakati Vodacom ilikuwa na washindani wenye nguvu. Watu wa Tanzania wametawanyika kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo wakala mmoja huwafikia wachache. Kile kilichoonekana kama soko lilelile kilikuwa na mashaka yake yenyewe, na baadhi ya mambo ilibidi yajaribiwe upya mpaka huduma iote mizizi.

Nadharia ya mantiki ya nyenzo ina mipaka ambayo wakosoaji wake wameisema bila kuficha. Mwaka 2015 Richard Arend na wenzake walichapisha ukosoaji mrefu, wakidai kwamba nadharia imejaribiwa kidogo mno kulinganisha na umaarufu wake, na kwamba inaeleza wanachofanya baadhi ya wajasiriamali bila kuonyesha kwa nguvu kwamba kufanya hivyo huleta matokeo bora. Msingi wa malalamiko hayo unaonekana katika utafiti wa awali wenyewe. Wale waanzilishi 27 walichaguliwa kwa sababu walifanikiwa. Hakuna aliyewarekodi watu waliofikiri vivyo hivyo wakaanguka, na bila hao haiwezekani kujua kama mantiki ya nyenzo ndiyo iliyowainua au ni tabia tu ya watu ambao tayari wana fedha, majina na marafiki wa kuwapigia simu.

Swali hilo la mwisho ni zito kwa mtu wa kipato kidogo. Anayeanza na alichonacho na watu anaowajua huanza mbali sana ikiwa anajuana na wakuu wa idara, na huanza palepale alipo ikiwa jirani zake wote wanauza nyanya kama yeye. Mantiki ya nyenzo isipoangaliwa humrudisha kila mtu kwenye biashara za mtaa wake, na ndiyo moja ya sababu za kuona vibanda kumi vya bidhaa moja kwenye barabara moja. Mpishi wa Dodoma aliokolewa na shemeji mmoja mwenye kazi ya ofisi. Asingekuwa naye, hatua yake ya kwanza ingepaswa kuwa kutafuta mtu asiyemjua, kwa mfano kwa kupika bure siku moja kwenye harusi au msibani mbele ya wageni wa sehemu nyingine ya mji, na kuihesabu gharama ya siku hiyo ndani ya zile shilingi 300,000.

Kuna pia kasoro ya kutangatanga. Kwa kuwa lengo linaruhusiwa kubadilika, mtu anaweza kulibadilisha kila anapokutana na ugumu: mwezi huu vitafunio, mwezi ujao juisi, unaofuata kukodisha sufuria. Dalili yake huonekana kwenye daftari la mauzo. Lengo lililobadilika kwa sababu mshirika mpya ameweka kitu chake huacha alama: oda, malipo ya awali, mteja anayerudi wiki baada ya wiki. Lengo lililobadilika kwa sababu ya kuchoka haliachi chochote isipokuwa gharama mpya. Na pale daftari linapoonyesha oda zilezile zikirudi kwa idadi zinazokaribiana, tuseme mikutano minne kila mwezi ya watu 50 hadi 70, mashaka yamepungua kiasi cha kutosha. Huo ndio wakati wa kuchukua kalamu, kupiga upya hesabu ya sahani 42, na kwenda benki na namba ambazo safari hii hazikukisiwa.